Kilo 3 za nyama iliyoiva, bila mfupa: mbuzi wa kilo ngapi?

*Shefu, habari ya kazi? Nina oda ya chapati 50 za kukunja na nyama ya mbuzi iliyochambuliwa, harusi ya binamu yangu huku Buruburu. Resipi inataka kilo 3 za nyama iliyopikwa, isiyo na mfupa. Bucha langu linauza mbuzi na mifupa yake tu. Mara ya mwisho nilinunua kilo 4, moja nikaihesabu kuwa ya mifupa, lakini nyama ikaishia chapati ya thelathini. Safari hii ninunue kilo ngapi? Na kuna wageni kama 10 wasiokula mbuzi, hao nataka kuwawekea kuku.*

Dada, nunua kilo 7 ukipata mapaja na mikono peke yake. Ukichanganyiwa mbavu na shingo, chukua kilo 8. Najua ni nyama nyingi kuitazama ikiwa mezani kwa muuzaji, na atakuuliza kama unapikia kanisa zima. Mwache aulize.

Kilo zako 4 za mara ile zinaonyesha vizuri mahali hesabu ilipotelea. Ulitoa kilo moja kwa ajili ya mifupa, yaani robo, na hapo hukukosea. Paja la mbuzi huwa na mfupa wa karibu robo ya uzito wake. Kwa hiyo ulibaki na kilo 3 za nyama tupu, ila ilikuwa mbichi. Ulipoiweka motoni ikashuka hadi kilo 1 na gramu 800 hivi. Kila chapati ikila gramu 60, gramu 1,800 zinatosha chapati 30, na ndipo ulipokwama. Mfupa haukukudanganya. Moto ndio uliokula nyama yako, na unakula kuliko mfupa.

Watu wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa sababu mfupa unauona umelala kando ya sahani, lakini kilichopotea motoni hukioni. Kimeingia kwenye supu na kingine kimetoka na mvuke. Nyama mbichi isiyo na mafuta mengi ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Maji hayo yameshikwa ndani ya nyuzi za nyama. Joto linapopanda, nyuzi zinajikunja na kuyaachilia. Zikifika nyuzi joto 60 na kitu, zile ngozi nyembamba zinazofunga nyuzi nazo hukaza na kuikamua nyama kama mtu anayekamua tui la nazi kwa kitambaa. Ukiangalia sufuria wakati huo utaona vipande vimekuwa vifupi na vinene, na maji yamepanda ingawa hukuongeza hata kikombe.

Baada ya hapo mbuzi anataka muda. Ngozi zilezile zilizokaza huanza kuyeyuka polepole na kuwa ute unaogandisha supu ikipoa, na ndipo nyama inapochambuka kwa vidole. Lakini kulainika huko hakurudishi maji yaliyotoka. Mpishi akibonyeza nyama na kuiona laini hudhani ina maji, kumbe imekwisha kukamuliwa zamani. Nyama ya mbuzi iliyochemshwa hadi ichambuke hubaki na karibu asilimia 60 ya uzito iliokuwa nao ikiwa mbichi bila mfupa. Ikitokoteshwa polepole inaweza kufika 65. Ikichemshwa kwa fujo saa 2 na nusu nzima, usishangae kuona 55.

Sasa tuziunganishe. Baada ya mfupa unabaki na 0.75 ya ulichonunua. Katika hiyo, moto unakuachia 0.60. Zidisha moja kwa nyingine, upate 0.45. Hiyo mimi naiita salio: kila kilo unayolipia kwa bucha inakuachia gramu 450 za kuweka ndani ya chapati. Ukitaka kujua ununue kiasi gani, gawanya uzito wa resipi kwa salio:

```
nyama ya kununua = nyama iliyoiva ÷ salio
3 ÷ 0.45 = 6.67
```

Kilo 6 na gramu 670, ambazo tunazipandisha hadi 7. Zile gramu 330 za juu zitakupa kama gramu 150 za nyama iliyoiva, na usidhani ni akiba kubwa. Jikoni kwenye harusi kuna watu wa kuonja, na kila anayepita hapo hujiona ana haki ya kuangalia chumvi.

Neno la kushika hapo ni kugawanya. Nimewaona hata wapishi wa miaka mingi wakisema: "Nyama inapoteza asilimia 55, basi niongeze asilimia 55." Wanachukua kilo 3, wanaongeza asilimia 55, wanapata kilo 4 na gramu 650. Ukiipika hiyo kwa salio la 0.45 utatoka na kilo 2 na gramu 90 hivi, na chapati 15 zitabaki tupu. Kosa ni kwamba ile asilimia 55 inapotea kwenye nyama utakayonunua, siyo kwenye zile kilo 3 za resipi. Kitu kikubwa kikipunguzwa asilimia 55 kinapoteza zaidi ya kitu kidogo kilichoongezwa asilimia hiyohiyo. Ukisahau maelezo yote haya, ukumbuke tu kujipima kwa kurudi nyuma: chukua jibu lako, lizidishe kwa salio, uone kama linakupa kile resipi ilichotaka.

Kabla hujatoa pesa, hakikisha pia resipi yenyewe inamaanisha ulichoelewa. Mtu anaweza kuandika "nyama ya mbuzi kilo 3, ipikwe na kutolewa mifupa". Hapo kilo 3 zimepimwa nyama ikiwa mbichi, na mfupa umo ndani. Mwingine ataandika "nyama ya mbuzi iliyopikwa na kutolewa mifupa, kilo 3", na huyo amepima mwishoni. Maneno karibu ni yaleyale, na tofauti ni zaidi ya kilo 3 na nusu za mbuzi. Ukiwa na shaka, angalia kinachomfikia mlaji. Kama kilo 3 zako zingekuwa za nyama mbichi yenye mfupa, kila chapati ingepata gramu 27, yaani kipande cha ukubwa wa kidole gumba kimetawanywa kwenye chapati nzima. Hakuna anayeandika resipi ya hivyo. Gramu 60 zinaleta maana, kwa hiyo yako umeisoma sawa. Ukikutana na resipi ya Kimarekani inayohesabu kwa ratili, ratili 1 ni gramu 454. Geuza kwanza, halafu ndipo ugawanye.

Sasa, 0.45 ni nambari yangu, imetoka kwenye majiko niliyopikia. Yako inaweza kupungua au kuzidi kidogo, na kwa oda ya chapati 50 mimi ningejaribu kilo moja wiki moja kabla. Haitapotea, nyumbani mtaila. Nunua kilo moja ya paja kwa muuzaji uleule atakayekupa nyama ya harusi. Ukifika nyumbani ipime tena kwa mzani wako kabla ya kuiosha, maana nyama iliyoloweshwa hubeba maji juu na kukudanganya. Ipike vilevile utakavyoipika siku yenyewe: sufuria ya aina hiyo, moto huo, muda huo. Hili la mwisho wengi hulipuuza. Wanajaribu kwenye sufuria ya presha, siku ya harusi wanachemsha kwenye sufuria kubwa juu ya makaa, halafu wanalaumu mbuzi.

Jaribio langu la mwisho na paja lilienda hivi. Nyama na mfupa vilikuwa gramu 1,000. Nilichemsha kwa moto mdogo saa moja na dakika 40, maji yakitikisika tu pembeni, nikaiacha ipoe ndani ya supu yake. Nilipoitoa na kuichuja, vyote pamoja vilikuwa gramu 685. Mifupa iliyosafishwa ilikuwa gramu 235. Ilibaki nyama gramu 450. Ukifanya yako utapata nambari tatu kama hizo, na unayoihitaji ni moja tu, ile ya mwisho. Ikiwa ni gramu 420, salio lako ni 0.42, na 3 gawanya kwa 0.42 inakupeleka kilo 7 na gramu 140. Ongeza akiba kidogo, ununue 7 na nusu.

Pima nyama ikiwa imepoa kiasi cha kushikika. Nyama inayotoa mvuke bado inapoteza uzito hapo mezani, na ukiipima ikiwa moto utajiona tajiri kwa dakika 10. Upande wa pili, usiipime ikiwa inachuruzika supu. Iweke kwenye chujio dakika chache kwanza. Na mzani wenyewe ujaribu: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Weka jagi tupu juu ya mzani, urudishe sifuri, mimina chupa mbili za maji za nusu lita. Mzani ukisoma 940, umejua tatizo lako halikuwa mbuzi.

Tuje kwa bucha, maana hapo salio linaweza kupanda au kushuka kabla hata hujawasha gesi. Mbuzi mmoja wa kawaida wa sokoni ana miguu miwili ya nyuma isiyofika kilo 7 hata ukiiweka pamoja. Utahitaji miguu minne au zaidi, au miguu pamoja na mikono, kwa hiyo usiende Ijumaa jioni ukitarajia kuikuta inaning'inia. Mwambie siku mbili tatu mapema. Kama hilo halitawezekana, au umeona ni nafuu kwenda Kiamaiko au soko la Burma kuchukua nusu mbuzi, basi utakuwa umenunua pia mbavu, shingo na uti wa mgongo. Hizo zina mfupa mwingi na nyama yake imejificha kwenye vijitundu, na ndiyo maana nilisema kilo 8. Kwa nyama mchanganyiko mimi hutumia salio la 0.40, na kuna nusu mbuzi mwembamba niliyewahi kumtoa 0.37. Yule alikuwa amekuja Nairobi kwa miguu, nadhani.

Jambo ambalo ningekusihi zaidi ni jinsi ya kukatwa. Mazoea ya bucha zetu ni kuweka paja kwenye gogo na kulipiga shoka mpaka liwe vipande vya kuchemsha. Kwa mchuzi hakuna neno. Kwa nyama ya kuchambua ndani ya chapati, kila pigo la shoka linapasua mfupa na kuacha vipande vikali kama sindano, na mgeni mmoja akitoboka fizi utasahau habari za gramu. Mwambie akukatie kwenye viungo tu, paja litoke vipande viwili au vitatu vikubwa. Vipande vikubwa huiva kwa muda mrefu kidogo, lakini mfupa utautoa mzima, na nyama itauachia yenyewe. Wakati wa kuchambua, pitisha kila konzi ya nyama kati ya vidole. Macho hayaoni kila kitu.

Usimwombe aitoe mifupa nyama ikiwa mbichi ukidhani umejirahisishia kazi. Utalipia uzito uleule, kwa sababu atapima kwanza, na kisu huacha nyama nyingi imeganda kwenye mfupa, hasa kwenye bega lenye ule mfupa mpana kama jembe. Ukipika pamoja na mfupa, nyama hiyo yote inaachia. Hizo zinaweza kuwa gramu 30 au 50 kwa kila kilo, na kwenye kilo 7 ni chapati kadhaa. Tena mfupa unakupa supu.

Na unapopimiwa, angalia kile kipande cha mwisho. Mzani ukisoma kilo 6 na gramu 800, mkono wa muuzaji huenda moja kwa moja kwenye kipande cha mbavu au mafuta ili kujaza. Si wizi, ndivyo biashara ilivyo, lakini wewe umelipia paja. Mwambie aache hapohapo ulipe gramu 6,800, au ajaze kwa nyama.

Kama mbuzi atakuwa ghali kuliko ulivyopanga, huenda ukafikiria ng'ombe, na hapo kuna hesabu nzuri ambayo wateja wengi huipita. Bucha litakupa bei mbili, nyama ya mifupa na steki. Tuseme kwa mfano nyama ya mifupa ni shilingi 600 kwa kilo na steki ni 750. Ukiangalia ubao, ya mifupa ni nafuu kwa shilingi 150. Lakini wewe hununui kilo ya kwenye ubao, unanunua nyama itakayobaki. Ng'ombe wa mifupa mwenye robo ya mfupa ana salio la 0.45, kwa hiyo kilo moja iliyoiva inakugharimu 600 gawanya kwa 0.45, yaani shilingi 1,333. Steki haina mfupa, salio lake ni 0.60, na 750 gawanya kwa 0.60 ni shilingi 1,250. Ile ya bei ya juu ndiyo rahisi. Kwa hesabu hiyohiyo, nyama ya mifupa inakufaa tu ikiwa bei yake iko chini ya robo tatu ya bei ya steki. Hapa robo tatu ya 750 ni 562 na senti hamsini. Ikiwa chini ya hapo, beba mifupa. Ikiwa juu, chukua steki, isipokuwa kama unahitaji supu kwa ajili ya watu wanaofunga hema na kupanga viti, maana hao nao watakula.

Ukichukua steki kwa ajili ya kilo 3 zako, ni 3 gawanya kwa 0.60, yaani kilo 5 kamili, na mimi ningenunua 5 na robo. Chagua sehemu yenye mishipa kidogo kama bega au shingo. Steki nyororo isiyo na mshipa wowote ikichemshwa muda mrefu inakuwa kavu kama uzi wa katani, na haina ute wa kuiokoa.

Nikurudishe kwenye sufuria kidogo, kwa sababu kuna gramu za kuokoa huko bila kununua chochote. Tia chumvi kwenye nyama usiku uliotangulia, ikae kwenye friji. Chumvi ikishaingia ndani husaidia nyuzi kushikilia maji. Pika kwa moto mdogo, mapovu yatoke moja moja. Maji yanayoruka hayaivishi mbuzi haraka kiasi hicho, yanachosha gesi na kukausha nyama ya nje. Anza kupima ulaini saa moja na robo ikishafika: shika mfupa, uzungushe. Ukizunguka bila nyama kuufuata, imetosha, zima. Dakika 40 zinazoongezwa "iwe laini zaidi" ndizo zinazoshusha 0.45 hadi 0.41, na kwenye kilo 7 hizo ni karibu gramu 280, chapati nne na nusu. Halafu iache ipoe ndani ya supu hadi iwe vuguvugu. Ukiitoa moto na kuianika kwenye sinia, itaendelea kutoa mvuke na kukauka mbele ya macho yako.

Mbuzi akiwa mzee, kanuni ya muda haishiki. Beberu aliyekomaa anaweza kutaka saa 2 na zaidi hata ufanye nini, na salio litashuka nawe ukiona. Nyama yake mbichi ikiwa nyekundu iliyokolea na mfupa mgumu mweupe, kadiria 0.42 hata kama ni mapaja matupu. Hii ni sababu nyingine ya ile kilo moja ya kujaribia.

Ikitokea siku yenyewe umepima ukakuta kilo 2 na gramu 700, usikimbilie bucha. Hizo ni gramu 54 kwa kila chapati. Chukua vikombe viwili vya supu, uvichemshe mpaka vibaki nusu kikombe kizito kinachoganda kwenye kijiko, uikorogee nyama pamoja na vitunguu vilivyokaangwa na hoho. Hakuna atakayejua. Ikiwa ni chini ya kilo 2 na nusu, hapo punguza chapati hadi 45. Mimi ningependa mgeni akose chapati ya pili kuliko apate ya kwanza haina nyama.

Kuhusu kuku wa wale wageni 10: kila mmoja gramu 60, ni gramu 600 za nyama iliyoiva, bila ngozi na bila mfupa. Kuku mzima ndiye mdanganyifu kuliko wote, kwa sababu ukitoa mifupa, ngozi na kile moto unachochukua, salio lake ni kati ya 0.35 na 0.40. Tumia 0.37. Gramu 600 gawanya kwa 0.37 ni kilo 1 na gramu 620. Broila wa kawaida wa dukani huwa ni wa kilo moja na kitu, kwa hiyo mmoja hatoshi. Nunua wawili wa kilo moja moja, utapata karibu gramu 740. Kama ni wa friza, mwache ayeyuke kabisa ndani ya friji, umwage maji yake, kisha ndipo umpime, na utoe shingo na firigisi zilizofichwa tumboni, maana nazo zilikuwa kwenye kilo uliyolipia. Ukienda kwa kienyeji, kifua chake ni chembamba na mfupa wake mzito. Kadiria 0.35, umpe saa moja na nusu au zaidi motoni. Ukipenda kuepuka mahesabu yote, nunua vifua visivyo na mfupa wala ngozi: vinabaki na karibu 0.70, kwa hiyo gramu 860 zinatosha, tuseme 900. Bei kwa kilo itakushtua. Igawanye kwa 0.70, ile ya kuku mzima uigawanye kwa 0.37, uone ipi inakutisha zaidi.